Kabla ya Kuilaumu FST, Kagua Namba na Mpangilio

Wengi wanaoanza kazi kwenye injini za utafutaji hudhani kwamba maneno hubanwa kwa kuunganisha mianzo inayofanana pekee. Mti wa herufi ndivyo unavyofanya. FST, yaani mchoro wa vituo viitwavyo hali na mishale yenye herufi, unaolipa kila neno namba yake, huunganisha na miisho pia. Chukua karatasi, uchore maneno haya pamoja na namba zake:

```
lima 4
lipa 9
pima 7
pipa 12
```

Mti utakudai hali 13 na mishale 12, ilhali FST inatosheka na hali 5 na mishale 6. Mshale wa `l` hubeba 4 na ule wa `p` ya mwanzo hubeba 7. Yote miwili huingia katika hali moja, ikafuata `i`, kisha `m` yenye 0 au `p` yenye 5, na mwisho `a`. Namba ya neno ni jumla ya ulichookota njiani, hivyo `pipa` ni 7 na 5.

Sasa ipe `pipa` namba 13. Herufi hazijabadilika, lakini baada ya `pi` tofauti imekuwa 6, wakati baada ya `li` ni 5, kwa hiyo hali hizo haziwezi tena kuwa moja: utahesabu hali 7 na mishale 9. Ndiyo maana faili likivimba, mimi hutazama namba kabla ya maneno. Ukihifadhi nafasi ya neno katika orodha (0, 1, 2, 3), tofauti hutegemea tu idadi ya maneno yaliyotangulia chini ya hali ileile, na miisho huungana kama kawaida. Anwani halisi za data ya kila neno ziweke katika safu ya pembeni.

Mpangilio nao hauna mjadala: maneno lazima yaingie yakiwa yamepangwa kwa baiti. Likija neno jipya, sehemu ya neno lililopita ambayo maneno hayo mawili hayashiriki hufungwa na kuunganishwa na hali inayofanana nayo, kwa sababu hakuna neno litakaloigusa tena. Siku moja nilipoteza mchana mzima kwa orodha iliyokuwa imeweka `asali` kabla ya `Zanzibar`, jambo sahihi kwa macho ya msomaji lakini kosa kwa baiti, kwani `Z` ni 90 na `a` ni 97. Tangu hapo hupanga hivi:

```
LC_ALL=C sort -u maneno.txt
```

Kutafuta mwanzo `li` ni kupita mishale miwili tu, hata kamusi iwe na mamilioni ya maneno. Hata hivyo, kamusi ya kawaida ya Lucene, maktaba ya utafutaji, haiweki maneno mazima ndani ya faharasa yake, iliyokuwa FST kabla ya toleo la 10.3: faili la `.tip` hubeba mianzo inayoelekeza kwenye mafungu ya `.tim`, ambayo kwa kawaida huwa na maneno 25 hadi 48. Kwa hiyo ukifika mwisho wa mishale bado hujathibitisha kwamba neno lipo. Ni lazima ulisome fungu lenyewe.