Kaunta ya sm 91: stuli za urefu gani, na ziwe ngapi?

*"Fundi habari, kaunta yangu ya jikoni ya graniti ishaisha, kutoka chini hadi juu ni sm 91, urefu wake sm 190 na upande mmoja imegusa ukuta. Ni ya chai ya asubuhi na wanangu kula haraka kabla ya shule. Dukani kuna stuli nzuri za sm 75, mume wangu anasema tuchukue nne. Zitafaa?"*

Nzuri dada. Hizo za sm 75 usichukue, hizo ni za kaunta za baa zenye sm 105 hivi kwenda juu. Shida ni kwamba wengi wanapima juu ya jiwe wakati paja linapita chini ya jiwe, sasa wewe inama upime kutoka kwenye tailizi hadi chini ya ukingo. Graniti nyingi huku ni ya sm 2 lakini mafundi wanaongeza kipande kingine ukingoni ili ionekane nene, kwahiyo mbele inafika sm 4, na kama yako iko hivyo basi nafasi halisi inaishia sm 87. Ukiweka stuli ya 75 unabaki na sm 12, na paja la mtu mzima peke yake linakaribia 15 au zaidi, yani utakaa ubavu kama uko kwenye bodaboda. Kati ya kiti na chini ya jiwe panatakiwa sm 25 hadi 30. Kwako 87 ukitoa 25 ni 62, hiyo ndo stuli yako, 60 mpaka 62. Ukikuta ya 65 inabaki 22, mwembamba atakaa ila mnene atabanwa.

Na angalia kama kuna chuma kimepita chini ya jiwe kulishikilia, maana skweya paipu ya sm 4 ikiwa mbele kabisa inakula tena sm 4 na hesabu yote inashuka. Kama kipo, mwite mchomeleaji akirudishe ndani karibu na ukuta wa kaunta kiwe mkono unaotokeza, magoti yapite katikati ya mkono na mkono. Usikubali akitoe kabisa, jiwe la sm 2 likining'inia sm 30 bila kushikwa, siku mtoto akiliegemea kwa nguvu linaweza kupasuka.

Hapo hapo pima jiwe limetokeza kiasi gani upande wa kukalia, hujaniambia. Sm 30 ndo raha, kwa chai ya dakika kumi hata 25 inatosha, ila chini ya 20 magoti yanagonga ukuta na mtu anakula ameinama mbele, mgongo unauma. Hilo, stuli haiwezi kulirekebisha hata iwe ya bei gani.

Idadi sasa. Kila mtu anahitaji kama sm 60 kutoka katikati ya kiti chake hadi katikati ya kiti cha jirani, nne ni 240 na wewe una 190, kwahiyo ni tatu. Ila usizigawe sawasawa, upande wa ukuta kiwiko hakina pa kwenda. Katikati ya stuli ya kwanza iwe sm 38 kutoka ukutani, ya pili 62 mbele yake, ya tatu 62 tena, hapo unabaki na 28 mwisho wa kaunta ambako kiwiko kinaweza kutoka nje bila shida. Stuli yenyewe isizidi upana wa sm 45 ili mtu apate kupenya kati. Kama unapenda zile zenye mikono, ujue zitaingia mbili tu. Nyuma ya mkaaji acha mita 1.1 hivi kama watu wanapita kwenda kwenye friji.

Kama mzee keshalipia zile za 75 na ni za chuma msigombane, zinakatwa miguu sm 13 kwa chini. Kwa kuwa unakata chini, umbali wa kiti na bomba la kukanyagia haubadiliki, unabaki sm 40 hadi 45 kama unavyotakiwa. Ila miguu ikiwa imetanuka, fundi akate kwa mshazari kufuata sakafu na aweke soli mpya za raba, la sivyo inayumba na kuchana tailizi.

Kabla ya kununua chochote panga kreti na mbao mpaka zifike sm 62, kaa hapo unywe chai yako yote. Stuli ya sponji ipime mtu akiwa ameikalia, sponji laini inashuka hata sm 3, hapo ile ya 65 inaweza kukufaa.