Mchoro unataka JK, dukani kuna 7474 tu

"Wakuu, nina mchoro wa kaunta ya biti 3 yenye flipuflopu za JK. Nimezunguka maduka ya vipuri hapa Mwanza nimepata 7474 tu, ambazo ni D. Naambiwa D inageuzwa kuwa JK kwa jedwali la uchochezi. Nijaze jedwali la ipi, la niliyonayo au la ninayoitaka?"

Mkuu, unahitaji jedwali la kila moja, ila si la aina moja. Hapa ndipo vijana wanaokuja kujifunza kwenye karakana yetu Kirumba hupotelea. Flipuflopu unayoitaka unaichukulia jedwali la tabia: J na K zikiwa hivi, na Q ya sasa ikiwa hivi, mpigo wa kloki ukipita Q itakuwa nini? Uliyonayo mkononi unaichukulia jedwali la uchochezi, ambalo linakwenda kinyumenyume: ili Q itoke hapa ifike pale, niingize nini?

Bahati yako, uchochezi wa D ni mwepesi kuliko wote. Ukitaka Q ijayo iwe 1, weka D=1; ukitaka iwe 0, weka D=0, bila kujali Q ilikuwa nini. Kwa hiyo safu ya D ni nakala ya Q ijayo:

```
J K Q | Q+ | D
0 0 0 | 0  | 0
0 0 1 | 1  | 1
0 1 0 | 0  | 0
0 1 1 | 0  | 0
1 0 0 | 1  | 1
1 0 1 | 1  | 1
1 1 0 | 1  | 1
1 1 1 | 0  | 0
```

Tazama kwanza mistari yenye Q=0: D inamfuata J. Kisha yenye Q=1: D ni kinyume cha K. Hata bila ramani ya Karnaugh, jibu limeshaonekana:

`D = J·Q' + K'·Q`

Kwa geti za NAND inakuwa `D = ((J·Q')' · (K'·Q)')'`. Hizo ni NAND tatu, na ya nne uiunganishe miguu yake miwili ya kuingilia ili ikupe K'. Q' huitengenezi, 7474 inaitoa yenyewe kwenye pini 6. Chipu ya 7400 ina NAND nne kamili, basi kila JK moja inakula 7400 nzima na nusu ya 7474.

Kabla hujanunua 7400 tatu, rudi kwenye mchoro wako. Kaunta ya kawaida ya biti 3 inayotumia kloki moja huwa na J na K zilizoungwa pamoja kila hatua. Kama ndivyo, hizo ni T tu. Weka T mahali pa J na K, mlinganyo unakuwa `D = T·Q' + T'·Q`, yaani `D = T⊕Q`: geti moja ya XOR. Hatua ya kwanza ina T=1, basi D yake ni Q' na waya mmoja unatosha. Ya pili T ni Q0, ya tatu ni Q0·Q1. Unamaliza kazi na 7474 mbili, 7486 moja na geti moja ya AND.

Kwenye bredibodi, pini 1, 4, 10 na 13 zifunge kwenye volti 5. Hizo ni za kufuta na kuweka, zinafanya kazi zikiwa 0. Ukiziacha zikielea, hasa kwenye 74HC74, Q itabadilika hata ukisogeza mkono tu.

Jaribu hali zote nne za J na K. Ikiwa 00, 01 na 10 ziko sawa lakini 11 inarukaruka, usiguse mlinganyo. Kitufe chako kinadunda: mguso mmoja unapeleka mipigo kadhaa. Hali nyingine tatu hazionyeshi kosa hilo kwa sababu kurudia mpigo hakubadilishi kitu, ila 11 hugeuza Q kila mpigo. Tumia kloki ya 555.

Kama kaunta yako ni ile ambayo hatua moja inaipa kloki inayofuata, angalia ukingo. JK ya 74LS76 hubadilika kloki ikishuka, 7474 ikipanda. Ukiunga Q kwenye kloki inayofuata kama ulivyochorewa, itahesabu 7, 6, 5 kushuka. Toa kloki kwenye Q' badala ya Q.

Siku ukiwa na JK na unataka D, uchochezi wa JK una X, yaani sehemu isiyojalisha. Kutoka 0 kwenda 1 ni J=1, K=X; kutoka 1 kwenda 0 ni J=X, K=1. Usizijaze zote 0 kwa mazoea. Ukifanya hivyo utapata `J = D·Q'` na `K = D'·Q`, ambazo zinafanya kazi lakini zinakula geti bure. Ukiziacha X zichague, zinabaki `J = D`, `K = D'`: inveta moja tu.