Usaili wa kikundi: lini useme, lini uachie

"Wakuu, wiki ijayo nina usaili wa kikundi hapa Posta. Nisipojizuia naongea peke yangu, nikijizuia nakuwa bubu. Nifanyeje?"

Mkuu, wasaili huandika ulichosema na kufanya, hawahesabu maneno. Tuseme mmepewa dakika 30 kugawa milioni 50 kwa miradi mitano. Anza na utaratibu: "Tukubaliane vigezo kwanza." Hapo huhitaji kuijua mada, na ukimya umeshauvunja. Kisha endeleza hoja ya mwenzako kwa jina lake: "Neema kataja gharama; tukiongeza idadi ya wanufaika, kisima kinaipita barabara." Ukishaongea mara mbili mfululizo, mwachie aliyenyamaza, ila muulize jambo mahususi. "Wewe unaonaje?" tupu humbabaisha. Kalamu ya kuandikia hoja za kikundi usiigombanie, wengi wanaoishika huishia kuwa makarani tu. Zikibaki dakika tano, jumlisheni fedha zisizidi milioni 50.