Moto wa mbugani, nyumbu na mashamba: majibu kwa wasomaji

Nilikwenda Serengeti mwezi wa Juni nikawaona askari wa hifadhi wenyewe wakitia moto nyasi. Mbona wanaunguza wanachokilinda? (Msomaji, Wete)

Ule ni moto wa mapema, na unatiwa ili kuzuia moto mbaya zaidi. Masika ya kule huisha Mei kama ya kwetu. Mwezi wa Juni nyasi zimekauka juu, lakini mashina bado yana maji, kwa hiyo moto huwa mfupi, hutambaa polepole na kuacha madoa mengi yasiyoungua. Kufika Septemba au Oktoba kila kitu ni kikavu. Cheche moja ya mrina asali au mwindaji haramu ikianguka hapo, moto hukimbia kilomita na kilomita, isipokuwa ukutane na eneo lililokwisha kuungua mapema.

Huchaguliwa alasiri yenye upepo mdogo usiobadilika, kwa kuwa usiku hewa hupoa, umande hushuka na moto hufa wenyewe. Huanzwa kwenye barabara au mto, upande ule upepo unakoelekea. Moto wa hapo hurudi nyuma ukipingana na upepo, mpaka upatikane ukanda mweusi wa mita kumi hivi. Ndipo upande wa pili huwashwa, na moto unaosukumwa na upepo hufika kwenye ukanda ule ukakosa cha kula. Anayeanzia upepo unakotoka kabla ya ukanda kuwapo ameshaupoteza moto wake.

Kesho yake kazi husomwa kwenye jivu. Jivu jeusi lenye visiki vya nyasi vilivyosimama ni dalili njema. Jivu jeupe, na majani ya migunga yaliyobabuka juu ya kimo cha mtu, maana yake joto lilizidi na waliowasha walichelewa.

Nyasi zikishaungua, wanyama watakula nini? (Msomaji, Chake Chake)

Machipukizi. Nyasi za mbuga huota kutoka kwenye vikonyo vilivyo usawa wa ardhi, na joto la moto hupanda juu; sentimita chache chini ya udongo halifiki kwa nguvu. Udongo ukiwa bado na unyevu, kijani huonekana baada ya wiki moja au mbili, laini na chenye lishe kuliko makapi yaliyoungua. Swala tomi huyafuata hasa. Moto ukichelewa, udongo umekwisha kukauka, na ardhi hubaki uchi hadi vuli.

Kipi kinachopunguza moto zaidi, askari au wanyama? (Msomaji, Mkoani)

Wanyama, na Serengeti imelionyesha hilo wazi. Sotoka iliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 ikaua ng'ombe na nyumbu kwa wingi, kisha ikaendelea kuwaua ndama wa nyumbu kila mwaka. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu pia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakuna aliyemchanja nyumbu hata mmoja! Mwaka 1961 walikuwa kama 250,000; mwaka 1977 walifika kama milioni 1.3.

Midomo yote ile ilikula nyasi ambazo zingekuwa kuni. Moto uliokuwa ukiunguza sehemu kubwa ya hifadhi kila mwaka ukapungua, na miti ikarudi. Mche wa mgunga huunguzwa ukachipua, ukaunguzwa tena, na hubaki mfupi miaka mingi. Ukipata misimu michache bila moto, ukapita mita mbili au tatu, ncha yake haifikiwi tena na ndimi za moto.

Kama hifadhi yenyewe hailimwi, mashamba ya jirani yana ubaya gani? (Msomaji, Jambiani)

Kwa sababu malisho ya mvua na malisho ya kiangazi hayako mahali pamoja. Tazama nyumbu wa Loita, Kenya. Hao huzaa kwenye tambarare za Loita wakati wa mvua, kisha huhamia Maasai Mara kukikauka. Mara imehifadhiwa, Loita ilifunguliwa kwa mashamba makubwa ya ngano. Nyumbu hao walikuwa karibu 120,000 mwaka 1977, na miaka 20 baadaye hawakufika 30,000. Waliachiwa chakula cha kiangazi, wakanyimwa mahali pa kuzalia.

Mashamba huwasogeza wafugaji pia. Ng'ombe wakibanwa mpakani, nyasi huliwa hadi chini, moto hukosa kuni, na vichaka visivyolika hushika nafasi. Kwa hiyo kukosekana kwa moto nako kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa.

Huku Makunduchi tunachoma maweni kabla ya kulima. Si moto ni ule ule? (Msomaji, Makunduchi)

Moto ni huo, ardhi siyo. Mbuga ina udongo wa kuficha mizizi na nyasi zilizozoea kuungua. Maweni ni jiwe lenye vijishimo vya udongo, na udongo wenyewe umetokana na majani yaliyooza chini ya vichaka. Moto huyala hayo pia. Jivu hulisha mazao msimu mmoja au miwili, kisha kichaka kinahitaji miaka mingi kujaza vishimo tena. Ukiona shamba lililopumzishwa limeota magugu na nyasi tu badala ya vichaka, usilichome bado.