Kabla hujakunja karatasi ya grafu, tazama skeli

Wadogo zangu wa Kidato cha Tano, nimeshinda na madaftari yenu hapa Mtwara, na kosa ni lile lile la kaka zenu. Swali linataka grafu ya y = 2^x, kisha kinyume chake, y = log₂x, kwa kuakisi kwenye mstari y = x. Kanuni mnaijua. Mnaharibu kwenye rula.

1. Jedwali liishie x = 3. Ukifika 5, y inakuwa 32, na hapo ndipo tamaa ya kuubana mhimili wa y inapoanza.

2. Skeli ya mihimili yote miwili iwe moja. Kuna kijana mmoja kutoka Newala, hodari kweli, aliyeweka sentimita 1 kwa kila 1 kwenye x, na sentimita 1 kwa kila 2 kwenye y. Akapiga mstari wa nyuzi 45 kutoka kwenye kitovu, akauandika y = x. Akakunja karatasi hapo hapo, akaibandika dirishani, mwanga ukapenya, akafuatisha mchirizi kwa penseli. Kazi safi, ungeitundika ukutani! Ila logi yake ilikata mhimili wa x kwenye 0.5. Nikamuuliza log₂ ya 0.5 ni ngapi. "Hasi moja, mwalimu. Lakini nimekunja vizuri."

Ni kweli alikunja vizuri. Tulihesabu miraba pamoja: mstari wake ulipita (1, 2) na (2, 4). Huo ni y = 2x! Na kwa kuwa nukta hizo mbili zipo pia kwenye 2^x, zilikaa kwenye kunjo na hazikusogea. Grafu yake ikawa inadai log₂ ya 2 ni 4. Alinuna mpaka kengele ya chakula.

Skeli zikilazimika kutofautiana, acha kukunja. Badilisha nafasi za namba: (0, 1) iwe (1, 0), (3, 8) iwe (8, 3), (-2, 0.25) iwe (0.25, -2). Hilo halijali skeli. Na y = x ichore kwa kupitia (0, 0) na (4, 4), hata ikilala upande. Iache ilale.

3. Ukimaliza, tazama kama kuna mchirizi uliogusa y = x. Kwa kizio 2 hakuna unaogusa, maana 2^x ni kubwa kuliko x daima. Ukigusa, rudi kwenye skeli. Ila msiibebe hiyo kwa kila kizio, maana nawajua: 1.2^x inaukata mstari huo mara mbili, ya kwanza karibu na x = 1.26, na (1/2)^x inaukata mara moja. Hapo logi lazima ipite kwenye nukta zile zile, na ukiona imezikwepa, umekosea.