Tuanze vidonge kabla ya majibu ya EGFR na ALK?

*Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, hajawahi kuvuta sigara. Ana saratani ya mapafu aina ya adenokasinoma, imeshafika kwenye mifupa. Tumeambiwa tusubiri majibu ya vipimo vya jeni za EGFR na ALK, lakini ndugu yetu anaweza kutuletea vidonge vya gefitinibu wiki hii. Kwa nini tusianze?*

Marahaba, na mpe mama pole. Msianze.

Kweli mama ni mtu wa aina ambayo mara nyingi hukutwa na mabadiliko ya EGFR, lakini dalili hizo hazitoshi kumchagulia dawa. Utafiti wa IPASS, uliochapishwa 2009, ulihusu wagonjwa wa Asia Mashariki wenye adenokasinoma, wengi wao hawajawahi kuvuta sigara. Waliokuwa na mabadiliko ya EGFR walipopewa gefitinibu, uvimbe ulinywea kwa wagonjwa asilimia 71 hivi. Wasiokuwa nayo, ulinywea kwa mtu 1 tu kati ya 91, wakati kemo iliwasaidia karibu robo ya wenzao. Kubahatisha kunaweza kumpotezea mama miezi asiyokuwa nayo.

Gefitinibu huzima EGFR iliyobadilika, ile inayoiamuru seli igawanyike bila kukoma. Saratani inayoendeshwa na ALK chanzo chake ni kingine: kipande cha kromosomu ya 2 kimegeuka, na jeni ya ALK imeungana na nyingine, mara nyingi EML4. Hiyo hutibiwa kwa alektinibu au lorlatinibu. Ni nadra mtu kuwa na yote mawili.

Hata jibu la "EGFR ipo" lisomeni hadi mwisho. Likitaja upungufu katika eksoni 19, yaani kipande cha 19 cha jeni hiyo, au badiliko liitwalo L858R, vidonge vya EGFR vinafaa, na osimertinibu, ikipatikana, huzuia ugonjwa muda mrefu kuliko gefitinibu. Likitaja nyongeza katika eksoni 20, gefitinibu kwa kawaida haifanyi kazi.

Sasa jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Ulizeni kinyama kilichochukuliwa kupimwa kilitoka wapi. Kama ni kwenye mfupa, maabara huulainisha kwanza, na asidi kali ikitumika huharibu DNA. Hapo kipimo hushindwa, au hutoa "hasi" isiyoaminika. Ulizeni pia kama seli za saratani zilitosha. Zikiwa chache, damu inaweza kupimwa: mabadiliko yakionekana humo, tunayaamini, yasipoonekana, bado hatujayaondoa, tunatafuta kinyama kingine.

Ikiwa mama anabanwa pumzi na hawezi kusubiri, daktari wake anaweza kuanza kemo. Ila tiba ya kuamsha kinga ningeiacha kwanza. Saratani zenye EGFR au ALK mara nyingi haziitikii vizuri, na ikifuatiwa karibu na osimertinibu huongeza hatari ya mapafu kuvimba vibaya.