Usiku wangu wa kwanza kukamata mbu Kilombero

"Wakuu, mwezi ujao naenda fildi, nimepangiwa zamu ya kukamata mbu usiku kucha, chambo ni miguu yangu mwenyewe. Mliopitia hiyo kazi mliwezaje?"

Mimi nilifanya bonde la Kilombero nikiwa chuo mwaka wa tatu, nyumba ipo pembeni ya majaruba ya mpunga, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Unakunja suruali hadi magotini unakaa kwenye stuli gizani, mkononi tochi na aspireta, ile bomba yenye mpira wa kunyonyea, ndani ina kipande cha neti mbu asije akakuingia mdomoni. Kila saa unakamata dakika 45, zilizobaki unapumzika, na kila saa ina kikombe chake. Dawa ya kinga ya malaria usiruke hata siku moja, kama hujapewa usikae.

Masaa ya mwanzo niliharibu sana. Nikihisi tu kitu mguuni namulika, mbu karuka, nikimpata nanyonya kwa nguvu, kuja kuangalia kikombe cha saa 3 nusu yao wamekufa na mabawa yamevurugika, na mbu wa hivyo kumtambua ni shida kwelikweli.

Wakati wa mapumziko mzee aliyekuwa anakamata nje, mwenyeji wa pale, akanikalia pembeni. "Mwanangu, wewe unamkimbilia. Funika tochi kwa vidole, mwache atue, akitulia tu mfunike na bomba kabla hajachoma, halafu vuta pumzi fupi."

Nikajaribu. Kile kisekunde kati ya mguso na bomba ni kirefu jamani, mwili wote unataka kupiga kofi.

Ikaja saa 8 usiku, kimya. Kuleksi, wale mbu wasioeneza malaria, waliotujaa jioni wamepungua, mguuni hakuna kitu, usingizi unanivuta na kikombe kitupu, nikawaza nihamishie wawili kutoka kile cha saa 7 fomu isionekane vibaya. Nikamuuliza mzee. Akasema, "Andika sifuri. Watafiti wanataka kujua mbu anauma saa ngapi, ukimhamisha umemdanganya mtu anayepanga watu walindwe muda gani." Nikaandika 0, na iliniuma, maana nilikaa dakika 45 zote macho wazi kwa ajili ya hiyo namba moja.

Saa 10 alfajiri nikahisi mguso mwepesi juu ya kifundo. Sikuwasha. Nikahesabu mpaka tatu, nikamulika kwa pembeni, nikamuona kainua mkia juu kama anasimamia kichwa, anofelesi huyo, mbu wa malaria, kuleksi hukaa mwili sambamba na ngozi. Bomba taratibu, pumzi fupi. Nikamtia kwenye kikombe cha saa 10 akiwa mzima, miguu yote sita, akatua kwenye neti ya juu mkia bado umeinuka. Mzee akachungulia, akarudi kwenye stuli yake.